Pesa ya butiki na pesa ya nyumba: namna ya kuzitenga na kujilipa mshahara kila wiki

Wenye butiki ndogo za komini za Katuba, Kenya na Ruashi wananiuliza maswali yaleyale. Wateja wanaingia kila siku, mbona rafu zinazidi kuwa wazi? Nikichukua pesa ya kununua sombe ya jioni, si ni pesa yangu? Na kama butiki ni yangu, nitajilipaje mshahara, na wa kiasi gani? Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata ukiwa na kaye mkononi.

Mwongozo huu ni wa butiki ya mtu mmoja au ya familia hapa Lubumbashi: unauza unga kwa meka, sukari kwa kikombe, mafuta kwa chupa ndogo, chumvi, sabuni, kapenta, mkate. Huna mhasibu, na huna muda wa kuandika kila biskuti inayotoka. Huhitaji. Utaandika mara moja kwa siku, jioni, na baada ya wiki nne utajua butiki yako inaweza kukulipa kiasi gani. Mshahara wako hautoki katika mahitaji ya nyumba. Unatoka katika kile ambacho butiki imezalisha kweli, na kazi yetu kubwa ni kukitafuta hicho.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kaye mbili: moja ya pesa ya kila siku, moja ya madeni. Bik. Simu yenye kikokotozi. Vyombo vitatu vya kuwekea pesa, na kimoja kiwe na kufuli. Laini ya simu ya pili kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kama wateja wako wanalipa kwa simu. Na asubuhi moja ya kuhesabu mali, kwa kawaida Jumapili kabla ya kufungua.

Kingine ni mazungumzo. Kama mume, mke au mtoto mkubwa anashika butiki ukiwa umeenda depo, mwambie mapema unachotaka kufanya. Mpango huu hauwezi kusimama kama mtu mmoja anaandika na mwingine anachota.

Hatua ya 1: Hesabu butiki ina thamani gani leo

Andika kila kilichomo kwa bei uliyonunulia, si bei ya kuuzia. Mfuko wa sukari uliofunguliwa na kubaki nusu, andika nusu ya bei yake. Kitu kilichooza au kupitwa na tarehe, andika sifuri, hata kama kinauma. Kisha ongeza pesa iliyopo, ongeza madeni ambayo wateja watakulipa kweli, na utoe deni lako kwa depo.

Tuchukue butiki ya mfano, ya mama mmoja wa Katuba, na tutembee naye hadi mwisho. Tutahesabu kwa kiwango cha faranga 2.300 kwa dola moja. Wewe weka kiwango cha leo cha kambisti wako.

Mali kwenye rafu: faranga 920.000
Pesa mkononi na kwenye simu: 115.000
Madeni ya wateja: 46.000
Deni lake kwa depo: 69.000, hili linatolewa
Thamani ya butiki: 1.012.000, sawa na dola 440

Andika namba hiyo ukurasa wa kwanza pamoja na tarehe. Ndiyo itakayokuambia baadaye kama unakula faida au unakula mtaji.

Angalia kosa la kawaida hapa: madeni yaliyokufa. Jirani aliyehama akiwa na deni lako la mwaka jana hahesabiwi. Ukimweka, unajidanganya kwamba una mali ambayo haipo.

Hatua ya 2: Gawa pesa katika vyombo vitatu

Chombo cha kwanza ni sanduku la mauzo. Pesa yote ya wateja inaingia humo, na asubuhi linabaki na chenji tu. Weka kiasi kilekile kila siku, tuseme 20.000, kwa noti ndogo. Kiasi kikiwa kimoja, hesabu ya jioni inakuwa nyepesi.

Chombo cha pili ni pesa ya depo, ndicho chenye kufuli. Kila jioni, kinachozidi chenji kinatoka kwenye sanduku na kuingia humo. Pesa hii ni ya kurudisha bidhaa, kulipa kodi ya butiki na usafiri, na baadaye kukulipa mshahara wako wa wiki. Haina kazi nyingine.

Chombo cha tatu ni mkoba wa nyumba. Kisikae butikini kabisa. Kikae chumbani, au kwenye mfuko ambao huuingizi kazini. Bukari, makala, dawa, minervali, mchango wa kilio: vyote vinatoka humo.

Kwa simu, fanya vilevile. Laini moja ipokee malipo ya wateja, nyingine iwe yako na ya ndugu. Watu wengi wanatenga noti vizuri lakini wanaacha laini moja, na mwisho wa mwezi hawajui kama zile 15.000 zilizoingia zilikuwa za sukari au zilitumwa na kaka aliye Kolwezi. Kama wewe pia ni wakala wa pesa ya simu, ile pesa ya kutoa na kupokea usiichanganye na mauzo hata siku moja. Yako ni kamisheni peke yake.

Sasa suala la dola na faranga, ambalo hapa kwetu haliepukiki. Unauza kwa faranga, depo inakuhesabia kwa dola, kodi ya butiki mara nyingi ni dola. Ushauri wangu ni kushika pesa kwa sarafu ya kile utakacholipa. Pesa ya mfuko wa unga wa wiki hii, wenye bei ya dola, ibadilishe mapema. Pesa ya mkate, ya usafiri na ya mshahara wako, iache kwa faranga. Usigeuze butiki kuwa biashara ya kubahatisha kiwango. Kwa miaka mingi tulizoea faranga ikishuka, lakini mwaka 2025 ilipanda kwa ghafla, kutoka karibu 2.800 hadi chini ya 2.500 kwa dola, na waliokuwa wamejaza dola wakitegemea zipande walipata hasara. Na unapobadilisha, geuza kila noti ya dola uikague pande zote mbili: yenye mpasuko mdogo pembeni depo wataikataa, na hasara itabaki kwako.

Hatua ya 3: Andika jioni, dakika kumi

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu wanafikiri lazima waandike kila kitu kilichouzwa. Huna haja. Mauzo ya siku yanajionyesha yenyewe ukijua pesa iliyokuwepo asubuhi, iliyopo jioni, na iliyotoka katikati.

Mauzo ya siku = pesa ya jioni + pesa zote zilizotoka sandukuni − chenji ya asubuhi

Mama wetu wa Katuba, siku moja, jioni anahesabu 74.500 kwenye sanduku. Mchana alimlipa muuza mkate 18.000 na msukumaji wa mkokoteni 3.000. Asubuhi alianza na 20.000. Basi 74.500 + 18.000 + 3.000 − 20.000 = 75.500. Kwenye laini ya butiki zimeingia 9.000. Mauzo ya siku hiyo ni 84.500.

Kama kati ya hizo kuna mteja aliyelipa deni la zamani, tuseme 5.000, zitoe, maana si mauzo ya leo. Na kama leo amekopesha mtu sukari ya 4.000, aziongeze, kwa kuwa bidhaa imetoka. Ndiyo maana kaye ya madeni iko peke yake.

Mistari ya kila siku kwenye kaye ni hii: tarehe, chenji ya asubuhi, pesa ya jioni, zilizotoka kwa bidhaa, zilizotoka kwa gharama, zilizotoka kwa nyumba, zilizoingia kwa simu. Safu ya nyumba ni ya lazima. Hata faranga 500 za mtoto kununua pipi zinaandikwa humo.

Kaye hiyo ina faida nyingine. Mwaka 2012 Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazofuata sheria moja ya biashara, na sheria hiyo inamtaka mfanyabiashara mdogo aliyejiandikisha kama antreprenan ashike kitabu cha kila siku kinachoonyesha pesa imetoka wapi na imeenda wapi, akitenga pesa taslimu na malipo ya njia nyingine, na akitunze miaka 5 angalau. Ukiandika hivi, ile ya simu peke yake na ya noti peke yake, kazi hiyo tayari unaifanya. Usitupe kaye zilizojaa.

Hatua ya 4: Pima wiki nne bila kubadilisha tabia

Wiki hizi nne usijibane. Endelea kuchukua kama ulivyozoea, ila andika. Ukianza kujibana siku ya kwanza, kaye itakuonyesha mtu mwingine, si wewe.

Andika pia bidhaa mnazokula kutoka butikini. Kikombe cha sukari ya chai, sabuni ya kufulia, chupa ya mafuta: viandike kwa bei ya kuuzia, kama vile nyumba ni mteja aliyenunua. Namba hiyo inaingia mara mbili: kwenye mauzo, kwa sababu bidhaa imetoka, na kwenye safu ya nyumba, kwa sababu ninyi ndio mmeila.

Mwisho wa wiki ya nne, Jumapili asubuhi, hesabu mali tena kama ulivyofanya siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Tafuta mshahara wako

Turudi Katuba. Wiki nne zimepita na kaye inasema hivi: mauzo yote ni 2.100.000. Bidhaa zilizonunuliwa ni 1.800.000. Mali kwenye rafu mwanzoni ilikuwa 920.000, sasa ni 910.000.

Kwanza tunatafuta bidhaa zilizouzwa zilimgharimu ngapi. Mali ya mwanzo, ongeza alizonunua, toa zilizobaki: 920.000 + 1.800.000 − 910.000 = 1.810.000.

Faida kabla ya gharama: 2.100.000 − 1.810.000 = 290.000.

Sasa gharama za butiki. Kodi ya nyumba ya butiki dola 30, yaani 69.000. Usafiri 28.000. Taksi za serikali za kila siku 12.000. Kuchaji taa na mifuko ya kufungia 11.000. Jumla 120.000. Kinachobaki ni 290.000 − 120.000 = 170.000.

Hiyo 170.000 ndiyo butiki imezalisha kwa wiki nne. Lakini usiichukue yote. Toa robo, 42.500, ibaki kwenye pesa ya depo kama akiba ya mali. Sababu yake si ya vitabuni. Unga wetu unategemea sana mahindi ya Zambia yanayopita Kasumbalesa, na mwaka 2024 ukame ulipoharibu mashamba kule, mfuko uleule ulidai pesa nyingi zaidi. Mwenye butiki aliyekuwa amekula faida yote alirudi na mifuko michache kuliko aliyouza. Robo hiyo ndiyo inayokuwezesha kurudisha idadi ileile ya mifuko.

Inabaki 127.500. Gawa kwa wiki nne, unapata karibu 31.900. Shusha hadi namba ya mviringo: 30.000 kwa wiki. Huo ndio mshahara wake.

Sasa angalia safu ya nyumba. Katika wiki hizo nne alichukua pesa 148.000 na bidhaa za 72.000, jumla 220.000. Yaani 55.000 kila wiki, wakati butiki ilizalisha 170.000 tu kwa wiki zote nne. Amekula 50.000 za mtaji. Tunaweza kuhakikisha: mali 910.000, pesa iliyobaki 75.000, madeni ya wateja 46.000, toa deni la depo 69.000, thamani ya butiki ni 962.000. Mwanzoni ilikuwa 1.012.000. Tofauti ni 50.000 kamili.

Kwa mwendo huo, baada ya mizunguko kama 20 ya wiki nne, butiki imekwisha. Na hakuna aliyeiba. Naomba uangalie vizuri bidhaa za 72.000. Karibu theluthi moja ya alichochukua haikupita mikononi kama pesa, na hiyo ndiyo aliyokuwa haioni.

Hatua ya 6: Shuka ngazi kwa ngazi

Kutoka 55.000 hadi 30.000 kwa siku moja, nyumba itagoma. Najua. Mpango ukivunjika wiki ya pili hutarudi tena kwenye kaye, kwa hiyo afadhali ushuke polepole, mradi usipite kile butiki inachozalisha. Kwa mama wetu, mpaka wa juu kabisa ni 170.000 kugawa kwa nne, yaani 42.500 kwa wiki. Juu ya hapo anakula mtaji.

Basi wiki nne za kwanza ajilipe 40.000. Akiba itakuwa ndogo sana, lakini butiki haipungui. Wiki nne zinazofuata 35.000, kisha 30.000. Katika miezi hiyo atafute pengo litajazwa na nani: mwenzi wake achangie makala na maji, mtoto mkubwa auze mayai ya kuchemsha kituoni, au butiki iongeze bidhaa inayozunguka haraka. Kupandisha bei ya unga ndilo jambo la mwisho la kufikiria, kwa sababu meka ya jirani iko hatua ishirini tu kutoka kwako.

Hatua ya 7: Jilipe siku ileile, saa ileile

Chagua siku. Mimi napendekeza Jumamosi jioni, baada ya kufunga hesabu, kwa kuwa mauzo ya mwisho wa wiki yameingia. Chukua 30.000 kutoka pesa ya depo, andika kwenye kaye "mshahara, wiki ya…", tia sahihi yako, na pesa ihamie mkoba wa nyumba saa ileile. Kama mnashika butiki wawili, mwenzako naye atie sahihi.

Kwa butiki ndogo lipa kwa wiki, si kwa mwezi. Nyumba zetu zinanunua chakula kwa siku, na mtu anayengoja siku thelathini ataanza kuchota siku ya kumi.

Mshahara huu uuandike kwenye safu yake, usiuchanganye na kodi na usafiri. Ukiwa na butiki kwa jina lako mwenyewe, wewe si mfanyakazi wake. Kwa hesabu za OHADA, unachojilipa ni pesa ya mwenye mali anayochukua kutoka kwenye mali yake, si gharama ya biashara. Mtu wa taksi akikuuliza faida yako ni ngapi, jibu ni 170.000, si kile kilichobaki baada ya kujilipa. Ila kijana unayemlipa akusaidie, malipo yake ni gharama halali na yanakaa pamoja na usafiri.

Hatua ya 8: Nunua kwenye butiki yako kama mteja

Baada ya kuanza kujilipa, hakuna tena kuandika sukari ya nyumbani kwenye kaye. Unatoa pesa kwenye mkoba wa nyumba, unaiweka kwenye sanduku la mauzo, unachukua sukari. Bei ileile ya mteja. Watu wananiuliza kwa nini wasijiuzie kwa bei ya depo. Unaweza, lakini basi kila jioni utakuwa na hesabu mbili, na siku ya tatu utachoka. Ukilipa bei kamili, faida inarudi butikini, na butiki ni yako.

Watoto wafundishwe jambo moja: hakuna kinachoshuka kwenye rafu bila pesa kuingia sandukuni. Mkubwa wa nyumba akivunja sheria hii mbele yao mara moja, imekwisha.

Likelemba, kilio na wageni

Likelemba inaharibu mipango mingi kwa sababu watu hawasemi ni ya nani. Amua kabla ya kuingia. Kama mchango unatoka kwenye mshahara, zamu yako ikifika pesa ni ya nyumba: minervali, bati, hospitali. Kama mchango unatoka kwenye pesa ya depo, zamu ikifika pesa inarudi depo, yote, kununua mifuko. Usichangie kwa pesa ya butiki na kupokea kwa mkono wa nyumba. Ukitaka zote mbili, shika majina mawili, hata kama ni kikundi kimoja.

Kilio kikitokea, mchango unatoka kwenye mkoba wa nyumba. Tenga kidogo kila Jumamosi kwa ajili hiyo, hata 2.000. Ndugu akija kukuomba mkopo butikini, una jibu la heshima na la kweli: "Shemeji, pesa hii ni ya depo. Jumamosi napata mshahara wangu, pita nyumbani tuone."

Mambo yakikwama

*Hesabu ya jioni haikubali.* Ukitarajia 80.000 na kupata 71.000, tafuta kwanza katika pesa zilizotoka: mkate, mkokoteni, mtu wa taksi aliyepita saa sita. Kisha kaye ya madeni. Tofauti ndogo ya chenji ni kawaida. Ikiwa inapungua siku ambazo mtu fulani ndiye ameshika butiki, usimshutumu. Hesabu sanduku unapomwachia na unapopokea, mbele yake, kila mara.

*Faida ni ndogo kuliko bei zako zinavyosema.* Hapo shuku kipimo. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 umekugharimu 115.000, na unauza kikombe cha gramu 200 kwa 550. Unatarajia vikombe 250, yaani 137.500. Lakini ukijaza kikombe hadi kichwa kwa kila mteja, vinaweza kutoka 220 tu, yaani 121.000. Faida imeshuka kutoka 22.500 hadi 6.000, na hakuna aliyechukua kitu. Fungua mfuko mmoja, piga alama kwa kila kikombe kinachotoka, utajua. Ukitaka kuwa mkarimu, kuwa mkarimu, lakini bei ilingane na kikombe unachojaza.

*Mshahara unaisha Jumatano.* Gawa mara mbili: nusu Jumamosi, nusu Jumanne jioni. Jumla isibadilike. Ukilazimika kuchukua avansi kwa ugonjwa, iandike na uikate kwenye malipo ya Jumamosi mbili zinazofuata. Avansi ya tatu ndani ya mwezi mmoja inaonyesha kwamba mshahara na nyumba havilingani, na inabidi urudi hatua ya 6.

*Mauzo yamepanda, nataka kujiongeza.* Ngoja mizunguko miwili ya wiki nne, uhesabu mali kila mara. Desemba watu wananunua sana, na Januari wanakuja kukopa. Kama mara zote mbili, baada ya kujilipa, thamani ya butiki imepanda kupita ile robo uliyotenga, ongeza mshahara wa wiki kwa nusu ya kilichozidi kwa wiki.

*Mauzo yameshuka na butiki haiwezi kulipa 30.000.* Punguza mshahara wiki hiyohiyo, usingoje mwezi uishe. Ukiona mizunguko mitatu mfululizo butiki haifikii hata 15.000 kwa wiki baada ya kodi na usafiri, angalia kodi kwanza. Dola 30 kwenye faida ya 290.000 zinabebeka, kwenye faida ya 150.000 zinachukua karibu nusu. Hapo kuhamia meza ya mbele ya nyumba yako, ukauza bidhaa sita zinazotoka kila siku, kunaweza kukulipa zaidi ya chumba kilichojaa vitu visivyonunuliwa.